Hongera, Mzazi: Jinsi ya Kumpongeza Rafiki Aliyejifungua Bila Kulinganisha Wala Kufundisha

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Mbagala kumwona shoga yangu, siku ya sita tangu ajifungue. Alikuwa amejifungua kwa operesheni, mtoto wa kike wa kilo 2.6, uzazi wake wa kwanza. Nilibeba kuku na vipande vya sabuni, na nilikuwa na furaha ya kweli. Nilipofunua khanga nimwone mtoto, neno la kwanza kunitoka lilikuwa, "Mbona mdogo hivi jamani? Wangu alizaliwa na kilo tatu na nusu." La pili likafuata papo hapo: "Na maziwa bado hayajashuka? Kunywa uji wa pilipili manga, asubuhi na jioni."

Shoga yangu alitabasamu. Akairudisha khanga taratibu, akamlaza mtoto ubavuni mwake, upande wa ukutani. Tukaendelea na mazungumzo mengine. Miezi mitano baadaye ndipo aliponieleza kwamba jioni ile, mimi nilipoondoka tu, alimtuma mdogo wake dukani akanunue kopo la maziwa ya unga. Mtoto alikuwa ananyonya vizuri, na kliniki hawakuwa wameona tatizo lolote. Lakini mgeni alikuwa ameuliza, na swali likabaki chumbani.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu kama mimi wa siku ile: anayempenda rafiki yake, anayekwenda kwa moyo mweupe, halafu anaacha nyuma wasiwasi badala ya faraja. Unahusu zile siku 40 za mwanzo: ujumbe wa kwanza, simu, na ile safari ya kwenda kumwona mzazi.

## Kwa nini neno dogo linauma hivyo

Kiswahili kinamwita mwanamke aliyejifungua "mzazi", na kinampa maneno mawili kwa pamoja: pole na hongera. Pole kwa uchungu alioupita, hongera kwa alicholeta. Maneno hayo mawili yanamhusu yeye na kazi yake. Ukianza kumlinganisha mtoto, au kumfundisha mama, unakuwa umegeuka kutoka mgeni hadi msimamizi wa mtihani, na yeye anaanza kujitetea.

Tena unamkuta katika siku ambazo hana nguvu za kujitetea. Halali usiku. Ana mshono au maumivu. Kati ya siku ya tatu na ya tano wazazi wengi hulia bila kujua sababu, kwa kuwa homoni za ujauzito zimeshuka kwa ghafla. Kwa kawaida hali hiyo hupita yenyewe ndani ya wiki mbili. Neno ambalo mwezi uliopita angelijibu kwa kicheko, leo litamfanya akeshe nalo.

Na ushauri anao tayari, tena unaopingana. Muuguzi amemwambia mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake hadi atimize miezi 6, bila hata maji. Bibi ndani ya nyumba anasema mtoto ana kiu, apewe maji ya uvuguvugu. Wifi ana lake kuhusu kitovu. Wewe ukija na la nne, humwongezei maarifa. Unamwongezea mtu mwingine wa kumridhisha.

## Maneno manne ya kuchunga

Mara nyingi hatujui kwamba tunalinganisha au tunafundisha, kwa sababu maneno yenyewe ni ya kila siku. Nimejifunza kuyatambua kwa mlango yanaopitia. Chunga haya manne.

1. "Mbona". Neno hili hubeba mshangao na lawama kwa pamoja. "Mbona mdogo?" "Mbona kichwa kirefu?" "Mbona mwekundu?" Mara nyingi unachokitaja kama kasoro ni hali ya kawaida ya kichanga. Watoto wengi waliotimiza miezi huzaliwa na kilo kati ya 2.5 na 4, kwa hiyo yule wa kilo 2.6 hakuwa na upungufu wowote. Zaidi ya hapo, karibu kila mtoto anayenyonya hupungua uzito siku za mwanzo. Mtoto wa kilo 3 anaweza kupoteza gramu 200 katika siku tatu au nne, kisha akazirudisha kabla ya kufikisha wiki mbili hivi. Mimi nilifika siku ya sita, kabla hata wiki hizo mbili hazijatimia, nikauliza mbona mdogo. Kichwa kirefu nacho kimetokana na kupita kwenye njia ya uzazi, na hurudi umbo lake baada ya siku chache.

2. "Wangu". "Wangu alikuwa halii usiku." "Wangu alinyonya siku hiyohiyo." Nia yako ni kushiriki, lakini mzazi anachosikia ni kipimo, na mwanawe amewekwa kwenye mizani. Hata ukimsifu kwa njia hiyo ("Huyu mzuri kuliko wa dada yangu"), bado umemfundisha kwamba mwanawe atapimwa, na kesho anaweza kushindwa. Habari za uzazi wako ziweke kando kwanza. Zitakuwa na siku yake, tena yeye mwenyewe ndiye atakayeziuliza.

3. "Tena" na "bado". Hawa ni ndugu. "Wa kike tena?" "Sasa bado wa kiume." Sentensi hizi mbili humwambia mama kwamba kazi yake haijakamilika, wakati damu ya uzazi haijakauka. Na kama ni suala la jinsia, mbegu ya baba ndiyo inayoiamua, si tumbo la mama. "Bado hayajashuka maziwa?" nalo lina tatizo lake. Siku mbili tatu za mwanzo mama hutoa dang'a, yale maziwa ya njano, mazito, machache kwa kipimo, ambayo ndiyo anayoyahitaji kichanga. Maziwa mengi huja kati ya siku ya pili na ya tano, na baada ya operesheni huweza kuchelewa kidogo. Anayeulizwa swali hilo siku ya pili huona aibu ya kitu ambacho wakati wake haujafika.

4. "Kafanana na". Hili huonekana halina madhara, na ndilo linalosemwa zaidi. Lakini chumbani yumo mama mkwe, wamo mawifi, na "Huyu hana hata pua ya baba yake" ni maneno yanayoweza kuzua mengine ukishaondoka. Kufunua masikio ili ujue mtoto atakuwa mweusi au mweupe ni jambo lilelile: unampima kwa rangi kabla hajapewa jina. Sura ya kichanga huwa imevimba, na rangi yake hubadilika katika wiki zinazofuata. Subiri wazazi waseme wenyewe wanaona nini. Wakisema "Macho ya babu yake," wewe itikia.

## Hatua kwa hatua: kuanzia habari hadi kuaga

Hatua ya 1: Hakikisha habari kabla ya kusema hongera. Muulize mtu wa karibu, mume au dada yake: "Mama na mtoto hawajambo?" Wapo wanaojifungua mtoto njiti aliyebaki hospitalini, na wapo wanaopoteza. Hongera ya haraka kwa mama aliyefiwa haifutiki. Na hata kama habari ni njema, usiipeleke kwenye grupu la marafiki wala usiweke picha kabla wenyewe hawajatangaza.

Hatua ya 2: Tuma ujumbe mfupi usiodai jibu. Mfano:

> "Hongera sana mzazi, na pole kwa kazi kubwa. Nimefurahi kusikia wewe na mtoto hamjambo. Mungu amkuze. Usihangaike kujibu, pumzika."

Angalia usichokiuliza: kilo, saa za uchungu, kawaida au operesheni, jina. Kila swali ni deni la kujibu, na siku hiyo amepokea jumbe kama yako kwa makumi. Kama aliyepata mtoto ni rafiki yako wa kiume, mwandikie vivyo hivyo: "Hongera baba, Mungu awatunze wote watatu." Usianze na "Umepata dume?"

Hatua ya 3: Omba siku, umpe nafasi ya kukataa. "Ningependa kuja kuwaona. Jumamosi jioni inafaa, au tungoje hata baada ya arobaini?" Ukitaja kungoja wewe mwenyewe, unamwondolea uzito wa kukukatalia. Kama una mafua, kikohozi au homa, usiende, hata kama siku ilishapangwa.

Hatua ya 4: Beba kitu kinachojibu swali la leo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Chakula kilichokwisha kupikwa ndicho kinachoponya zaidi: mtori, supu ya kuku, ndizi nyama, kwenye chombo usichohitaji kurudishiwa. Khanga, sabuni na nepi ni zawadi njema pia. Kumbuka kwamba zawadi nayo huweza kufundisha. Kopo la maziwa, chupa ya kunyonyeshea au dawa ya chango ambayo haijaombwa ni ushauri uliofungwa kwenye mfuko.

Hatua ya 5: Ukifika, anza na mama. Wasalimie wakubwa waliopo, nawa mikono kwa sabuni, kisha mwendee yeye kabla ya mtoto. "Pole na hongera, mzazi. Umeamkaje?" Ngoja jibu, ulisikie hadi mwisho. Akikusimulia uchungu wake, usimsimulie wako. "Pole sana. Umefanya kazi kubwa" inatosha.

Hatua ya 6: Kwa mtoto, sema unachokiona na umwombee. "Karibu duniani, mwanetu. Vidole hivyo!" "Amelala kwa utulivu." "Mashaallah." "Mungu amkuze, amlinde." Watu wa pwani wana desturi nzuri hapa. Sifa isiyo na dua huonwa kama kijicho, kwa hiyo hawamwagi sifa bila kumtaja Mungu. Kama wewe ni wa dini nyingine, dua yako fupi kwa lugha yako ya kawaida inapokelewa vilevile. Usimbebe mpaka upewe, na usimbusu usoni wala mikononi.

Hatua ya 7: Toa msaada wenye jina. "Ukihitaji chochote niambie" humpa kazi ya kufikiri na ya kuomba. Badala yake sema: "Naosha hivi vyombo kabla sijaondoka," au "Jumatano naenda sokoni, nitakupitishia ndizi na samaki." Kisha ufanye.

Hatua ya 8: Aga mapema. Nusu saa inatosha. Mtoto akianza kutafuta ziwa, aga au toka nje, isipokuwa yeye mwenyewe akuambie ubaki. Usikae kumwangalia anavyomshika mtoto.

---

KISANDUKU: Badilisha sentensi

- Badala ya "Mbona mdogo hivi?" sema "Karibu sana, mwanetu."
- Badala ya "Wangu hakuwa analia hivi," sema "Pole na usiku. Nimshike kidogo ulale?", kisha umwache achague.
- Badala ya "Wa kike tena? Bado wa kiume," sema "Hongera, Mungu amkuze awafae."
- Badala ya "Kwa nini walikupasua?" sema "Pole na mshono. Nashukuru mmetoka salama."
- Badala ya "Usimzoeshe kubebwa," usiseme kitu. Nyamaza tu.

---

## Akikuomba ushauri

Hapo mlango umefunguliwa, na ni haki yako kuingia. Ingia taratibu. Kwanza hakikisha anachouliza. "Analia sana usiku, sijui nifanyeje" mara nyingi ni kilio cha uchovu, wala hakuna dawa inayotafutwa. Uliza: "Unataka nikwambie nilivyofanya, au unataka tu kunisimulia?" Akitaka ushauri, mpe mmoja, ule wa swali lake, ukiutaja kuwa ni wako: "Mimi ilinisaidia kumweka kifuani hivi. Jaribu, kama haikufai uache." Swali likigusa afya, yaani kitovu, maziwa, dawa au mshono, muulize kwanza: "Muuguzi alikwambiaje?" Kisha msaidie kufuata aliyoambiwa au kurudi kliniki kuuliza zaidi.

Ukimaliza, usifuatilie kama mkaguzi. Wiki ijayo usimuulize "Ulijaribu nilichokwambia?"

## Wengine wakilinganisha mbele yako

Utakuwa umekaa kwa adabu zako, halafu mgeni mwingine aseme, "Huyu atakuwa mweusi kama mamake, ona masikio." Usianzishe mabishano, hasa kama msemaji ni mkubwa; mzigo wa ugomvi utamwangukia mzazi. Geuza mazungumzo kwa dua, kwa sauti ya wote: "Mungu amkuze tu, mama, na mzazi apate nguvu." Kisha muulize mzazi jambo dogo: "Nikuletee maji?" Dua hunyamazisha ulinganisho bila kumvunjia mtu heshima.

## Onyo: pale ambapo lazima useme

Kuacha ushauri usioombwa si kufumba macho. Ukiona dalili hizi, sema, tena usaidie kupata usafiri saa hiyohiyo:

- Kwa mtoto: hanyonyi au amelegea hachezi, ana degedege, anapumua kwa haraka au kwa shida, mwili una joto kali au baridi isiyo ya kawaida, amekuwa wa manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au wakati wowote umanjano umefika viganjani na nyayoni.
- Kwa mama: damu nyingi inayolowesha pedi au kitambaa mfululizo, homa, kichwa kinachouma sana pamoja na kuona ukungu, degedege, mguu mmoja uliovimba na kuuma, mshono unaotoa usaha, huzuni iliyopita wiki mbili, au maneno ya kutaka kujidhuru au kumdhuru mtoto.

Hapa pia usilinganishe wala usilaumu. Usiseme "Mbona hamjaenda hospitali?" Sema: "Naona mtoto hanyonyi. Twende sasa hivi kituo cha afya, mimi nitabeba mfuko." Umeeleza ulichokiona, umeeleza mnachofanya, hakuna anayehitaji kujitetea.

## Kama umeshakosea

Nilipoambiwa habari ya lile kopo, kitu cha kwanza kunijia mdomoni kilikuwa, "Lakini mimi sikuwa na nia mbaya." Nikakizuia. Nia yangu haikuwa shida yake. Nilisema: "Nilikulinganishia mtoto na nikakutia shaka. Haikuwa haki. Nisamehe." Sikumuuliza kama bado ananyonyesha, wala sikumwambia angefanya nini badala ya kununua kopo, kwa sababu huo ungekuwa ushauri wa pili juu ya kosa la kwanza. Ukikosea, taja neno ulilosema, kubali lilivyouma, omba radhi, kisha nyamaza.

Alipojifungua tena, nilipewa nafasi ya kurudia safari ile. Nilimpigia mumewe kwanza: mama na mtoto hawajambo. Nilituma ujumbe bila swali hata moja. Alipendekeza siku ya kumi. Nilipeleka mtori kwenye ndoo ndogo yenye kifuniko, nikamwamkia mama yake mzazi, nikanawa, nikaketi mkekani karibu na shoga yangu. "Pole na hongera, mzazi." Akaanza kusimulia, na safari hii mimi nikawa masikio tu. Aliposita, nikamwambia, "Umefanya kazi kubwa."

Mtoto alikuwa amefunikwa, na sikugusa khanga. Baada ya muda aliifunua mwenyewe. "Huyu naye mdogo kama dadake," akasema, akinitazama. "Kilo mbili na nusu." Nikajibu, "Mashaallah. Mungu amkuze." Akamwacha mtoto wazi, uso umeelekea kwangu, nami nikaenda kuosha sufuria.

---

ORODHA YA KUJIKAGUA KABLA YA KUONDOKA NYUMBANI

☐ Nimehakikisha mama na mtoto wote hawajambo.
☐ Siku ya kwenda ameichagua yeye.
☐ Sina mafua, kikohozi wala homa.
☐ Nimebeba chakula au kitu kisichomfundisha.
☐ Nimeamua kazi moja nitakayoifanya nikiwa pale.
☐ Pole, hongera na dua nimeziweka mbele.
☐ "Mbona", "wangu", "tena", "bado" na "kafanana na" nimeyaacha mlangoni.
☐ Nazijua dalili za hatari, na nikiziona nitasema.
☐ Baada ya nusu saa nitaaga.